Kumtambulisha Mwandishi wa Riwaya Siku ya Uzinduzi: Mwongozo Kamili

Watu wengi wakipewa kazi ya kumtambulisha mwandishi kwenye uzinduzi wa riwaya hunitumia rasimu zao nizipitie. Karibu zote zinakwama mahali pamoja. Mwandishi anatambulishwa vizuri kabisa, ila kitabu hakiguswi. Ukumbi mzima unaondoka ukijua alisoma wapi, ana shahada gani na ni mjumbe wa kamati zipi, lakini haujui riwaya yenyewe inamhusu nani na amepatwa na nini.

Wengine hukigusa kitabu, lakini kwa lugha ya darasani: dhamira, ujumbe, migogoro, mafunzo. Msikilizaji aliyewahi kukaa kwenye mtihani wa fasihi anaisikia lugha hiyo na moja kwa moja anajiona ameshika kalamu, anajibu swali la tatu. Hamu ya kusoma inaishia hapo.

Mwongozo huu unahusu dakika tatu au nne tu: zile unazopewa baada ya mshereheshaji kukuita na kabla mwandishi hajasimama. Lengo ni kwamba mtu aliyekaa viti vya nyuma, aliyekuja kwa sababu tu kaalikwa na binamu yake, atake kujua kilichofuata.

Kwa mfano wa kufanyia kazi nimechagua *Peponi*, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo *Paradise*. Nimeichagua kwa sababu inapatikana, na kwa sababu mwandishi wake ana sifa kubwa kiasi kwamba kishawishi cha kusoma wasifu tu ni kikali mno.

## Vitu vya kuandaa

- Kitabu chenyewe, wiki mbili kabla. Kama bado kiko kiwandani, mwombe mchapishaji nakala ya kielektroniki ya toleo la mwisho. Usikubali rasimu ya zamani. Majina ya wahusika hubadilika.
- Vikaratasi vya kunata na penseli.
- Dakika ishirini za simu na mwandishi.
- Ratiba ya shughuli kutoka kwa waandaaji, yenye majina ya watakaozungumza kabla yako.
- Karatasi ngumu mbili za ukubwa wa kiganja.
- Simu yenye kinasa sauti na saa ya kuhesabu.

## Hatua ya 1: Soma kitabu chote, hadi ukurasa wa mwisho

Najua hatua hii inaonekana haihitaji kusemwa. Inahitaji, kwa sababu watambulishaji wengi husoma jalada la nyuma na sura ya kwanza, halafu wanatafuta maneno makubwa ya kuziba pengo. Ukumbi hugundua. Mwandishi hugundua mapema zaidi.

Ukiwa unasoma, weka kikaratasi kila mahali ulipojikuta umesahau kwamba una kazi ya kufanya: ulipocheka, uliporudia sentensi, ulipofungua ukurasa unaofuata haraka. Usiandike uchambuzi pembeni. Alama inatosha. Ukimaliza, rudi kwenye alama hizo na uangalie zile zilizo katika robo ya kwanza ya kitabu. Humo ndimo utachota karibu kila kitu utakachosema.

Kwa nini robo ya kwanza? Kwa sababu kinachotokea huko msomaji angekutana nacho jioni ya kwanza tu ya kusoma, kwa hiyo humwibii. Kuanzia hapo mbele, kila tukio unalolisimulia unamnyang'anya.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mtu wa nyumbani kwa sentensi mbili, bila kushika kitabu: nani, anataka nini, na nini kinamzuia.

## Hatua ya 2: Mpigie mwandishi

Muulize mambo manne tu, na uandike majibu.

La kwanza, jina lake linatamkwaje, na anapenda liitwe kwa mpangilio upi. Litamke mbele yake hadi usikie mwenyewe amelikubali. La pili, ni kipi katika maisha yake asichotaka kitajwe. Msiba wa karibu, ndoa iliyovunjika, kazi aliyoiacha kwa ugomvi: mambo kama hayo hujitokeza kwenye wasifu wa zamani uliozagaa mitandaoni. La tatu, ni kipande gani atakachosoma siku hiyo. La nne, ni siri gani ya kitabu isiyopaswa kutoka mdomoni mwako.

Maswali mawili ya mwisho nimejifunza kwa gharama. Mwaka mmoja nilimtambulisha dada mmoja aliyekuwa akizindua riwaya yake ya kwanza. Niliipenda sana sura ambamo bibi wa mhusika mkuu anafariki, nikaielezea kwa hisia zote nilizokuwa nazo. Ukumbi ulitulia kabisa, nikaona nimefanya kazi nzuri. Nilipogeuka kumpisha nilimwona anafungua kitabu, anakitazama pale alipokuwa ameweka utepe mwekundu, halafu anautoa utepe na kuanza kupekua kurasa nyingine. Sura ile ile ndiyo aliyokuwa ameandaa kuisoma. Alisoma kipande alichokiokota palepale, kwa sauti isiyo na uhakika. Baadaye hakunilaumu kwa neno lolote. Ila utepe ule bado nauona.

Utajua umefaulu mwandishi akikuambia kwenye simu jambo ambalo halimo kwenye wasifu wake. Liandike. Huenda ndilo utakalolihitaji hatua ya nne.

## Hatua ya 3: Tafuta fundo moja

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Fundo ni hali moja ya mhusika ambayo haijafunguka. Mtu yuko mahali fulani, kuna kitu ama anakitaka ama hakijui, na msikilizaji anaona hatari kabla yake. Riwaya nzuri ina mafundo mengi. Wewe chagua moja, la mapema, linaloweza kuelezwa kwa vitu vya kushikika: chakula, nguo, sarafu, mlango.

Tuchukue *Peponi*. Ukimuuliza mtu inahusu nini, anaweza kukujibu kwamba inahusu Afrika Mashariki kabla na wakati wa kuingia kwa Wajerumani, biashara ya misafara, utumwa wa madeni na kupotea kwa utoto. Yote ni kweli. Yote pia yanaweza kusemwa juu ya kitabu cha historia, na hakuna hata moja linalomfanya mtu asogeze kiti mbele.

Sasa rudi kwenye kurasa za mwanzo. Kuna mtoto, Yusuf, mwenye miaka kumi na miwili. Kuna mgeni tajiri, Aziz, anayefika kwao mara moja moja na kumwachia sarafu kila akiaga. Halafu kuna siku ambayo mtoto anaambiwa ataondoka kwa treni pamoja na mgeni. Hapo pana fundo. Msikilizaji mzima wa akili anauliza: mzazi anamtoaje mtoto wake hivi hivi? Mtoto mwenyewe bado hajauliza.

Kitabu kinatoa sababu mapema sana, bado tukiwa katika sura ya kwanza. Kwa kanuni ya robo ya kwanza, ningeruhusiwa kuisema. Siisemi, na hata hapa kwenye mwongozo sitaitaja, maana sababu ikishatajwa fundo linalegea. Mtu anasema "aha" na kuegemea kiti. Kanuni ya robo ya kwanza inakuonyesha mwisho wa eneo lako. Si lazima ulitumie lote.

Tahadhari. Usiunganishe mafundo mawili kwa kuwa yote ni matamu. Ukimtaja Yusuf, kisha msafara wa bara, kisha bustani yenye ukuta, msikilizaji anapoteza uzi na anabaki na majina.

Tahadhari ya pili. Epuka kusema "kitabu hiki kinatufundisha". Aliyekuja ukumbini jioni baada ya kazi hajaja kufundishwa. Kama kitabu kina la kufundisha, litamfika akikisoma.

Utajua umefaulu ukimsimulia mtu fundo lako kisha ukanyamaza, naye akauliza "enhe, ikawaje?" Akisema "inaonekana ni kitabu kizuri", rudi ukatafute fundo jingine. Mtu aliyenaswa hana nafasi ya kusifu.

## Hatua ya 4: Chagua jambo moja la maisha ya mwandishi

Jambo moja, na liwe lile linalofungua mlango wa kitabu.

Gurnah alipata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Alifundisha Chuo Kikuu cha Kent kwa miaka mingi. *Paradise* ilifika orodha fupi ya Tuzo ya Booker mwaka 1994. Haya ni makubwa, na mshereheshaji atayasema, na bango lililo nyuma yako limeyaandika tayari. Hakuna hata moja linalotueleza kwa nini aliandika habari za mtoto yule.

Lipo jingine, dogo. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana kwenda Uingereza. Ameeleza kwamba aliporudi Zanzibar baada ya miaka mingi alimwangalia baba yake, sasa mzee, akielekea msikitini, akawaza kwamba mzee huyu alikuwa mtoto wakati Wazungu wanaingia na kuitawala nchi. Mtoto wa wakati ule aliyaonaje mambo hayo? Kutoka hapo ikazaliwa riwaya.

Liweke jambo hilo karibu na fundo la Yusuf, uone linavyokaa. Baba mzee anayetembea barabarani na mtoto anayepanda treni wanakuwa kitu kimoja. Nobeli haiwezi kufanya kazi hiyo.

Kwa mwandishi asiyejulikana hatua hii ni rahisi zaidi, kwa sababu hakuna tuzo za kukuzuia. Labda alikuwa karani wa mahakama na riwaya inamhusu shahidi. Labda aliandika usiku kwenye zamu ya hospitali. Likague hilo jambo kwa swali moja: nikiliondoa, kitabu kinapungukiwa? Kama hakipungukiwi, liondoe.

## Hatua ya 5: Andika, na jina lije mwisho

Mpangilio ninaoutumia ni huu: fundo, maisha, jina la kitabu, jina la mwandishi. Watu wengi hugeuza. Wanaanza na jina, makofi yanapigwa, halafu wanaendelea kuzungumza dakika tano huku mwandishi amesimama nusu, hajui akae au aje mbele. Jina likiwa neno la mwisho, makofi yanamleta yeye jukwaani na wewe unaondoka.

Itifaki je? Kwa kawaida mshereheshaji na msemaji wa kwanza wameshawataja mgeni rasmi na viongozi wote. Sema "Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu zangu, itifaki imezingatiwa," pumua, anza. Kama waandaaji wanasisitiza utaje majina, yaombe kwa maandishi na uyatenge na utambulisho wako kwa kimya cha sekunde tatu hivi, ili fundo lisimezwe na vyeo.

Hivi ndivyo ningesema kama ningepewa *Peponi*. Nimeuandika kwa ajili ya mwongozo huu tu:

> Yusuf ana miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji ambao treni husimama. Mara moja moja hufika mgeni, tajiri mfanyabiashara, anaitwa Aziz. Siku Aziz akija, nyumbani hupikwa vizuri. Akiaga, humwachia Yusuf sarafu mkononi. Kwa hiyo Yusuf anampenda, kama mtoto yeyote angempenda.
>
> Siku moja Yusuf anaambiwa kwamba safari hii ataondoka na mgeni. Mama yake anamfungia kifurushi kidogo. Ndani mna kanzu, msahafu, na tasbihi ya mama mwenyewe, ya zamani. Yusuf anapanda treni kwenda pwani. Na wala haimjii akilini kuuliza atarudi lini.
>
> Mwandishi wa kisa hiki naye aliondoka kwao mapema. Aliporudi Zanzibar baada ya miaka mingi, alimwona baba yake akienda msikitini, mzee, taratibu. Akawaza: huyu alikuwa mtoto wakati Wazungu wanaingia. Aliona nini?
>
> Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Sasa Ida Hadjivayanis amekileta kwenye Kiswahili, na Mkuki na Nyota wamekichapisha. Kinaitwa *Peponi*. Mkaribisheni Abdulrazak Gurnah.

Angalia tasbihi. Ningeweza kusema "mama alimfungashia kwa majonzi". Nisingekuwa na uhakika na majonzi hayo, na msikilizaji asingeona kitu. Tasbihi ya mama ikiwa ndani ya kifurushi cha mtoto, kila mmoja ukumbini anajua mama anawaza nini, bila kuambiwa. Kwenye riwaya yoyote tafuta kitu cha namna hiyo. Kwa kawaida kiko karibu na alama ulizoweka hatua ya kwanza.

Angalia pia kwamba mfasiri ametajwa kwa jina. Kama kitabu ni tafsiri, maneno ambayo watu watayasoma ni ya mfasiri, na mara nyingi yuko pale pale ukumbini.

## Hatua ya 6: Sema kwa sauti, pima, punguza

Utambulisho ule hapo juu unachukua kama dakika moja na nusu ukisemwa kwa utulivu. Kwa mwendo wangu, maneno mia moja ya Kiswahili yanakula dakika moja hivi. Jipime mwenyewe, maana wengine huongea haraka zaidi, hasa wakiwa na woga. Ukipewa dakika nne, andika za tatu. Iliyobaki italiwa na kutembea hadi jukwaani, kurekebisha maiki na kusubiri watu watulie.

Jirekodi kwenye simu, halafu sikiliza huku umefumba macho. Pale utakapojisikia unataka kuruka mbele, kata. Mara nyingi ni sentensi yenye "ambaye" mbili, au yenye sifa tupu: "nguli", "mahiri", "asiyehitaji utambulisho". Hiyo ya mwisho iache kabisa. Kama hahitaji, kwa nini umesimama?

Kisha andika toleo la sekunde arobaini na ulifiche kwenye karatasi ya pili. Shughuli zetu huchelewa, mgeni rasmi huwa na safari, na mshereheshaji anaweza kukunong'oneza ufupishe ukiwa tayari umesimama. Toleo fupi ni fundo, jina la kitabu, jina la mwandishi. Ukilazimika kukata kitu, kata maisha. Fundo usilikate.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe

Fika mapema, useme sentensi mbili kwenye maiki kabla watu hawajaingia. Muulize mwandishi kama kipande cha kusoma ni kile kile. Hubadilika usiku wa mwisho. Hakikisha vitabu vya kuuza viko ndani ya ukumbi na vinaonekana. Nimewahi kuona hamu iliyojengwa vizuri ikaishia mlangoni kwa sababu maboksi yalikuwa kwenye buti la gari na aliyeshika ufunguo ameenda kula.

Panda na kitabu mkononi. Kishike kimefungwa, jalada likitazama watu, na ukinyanyue kidogo unapotaja jina lake. Karatasi yako iwe kwenye mkono mwingine, lakini sentensi ya kwanza na ya mwisho uzijue kwa moyo, ili uwe unawatazama watu wakati unaanza na wakati unamwita mwandishi.

Ukifika mwisho wa fundo, nyamaza. Hesabu moja, mbili kimoyomoyo. Kimya hicho kitakuogopesha, utataka kukijaza. Usikijaze. Hapo ndipo watu wanajiuliza lile swali.

Ukishataja jina, mpe mkono mwandishi na ukae. Akimaliza kusoma, usirudi kueleza alichosoma. Kama umepewa pia kuongoza maswali, uliza moja tu la kufungua, linalotokana na kitu cha kushikika ulichokitaja. "Tasbihi ile ilitoka wapi?" inampa mwandishi nafasi ya kusimulia. "Ujumbe wako kwa jamii ni upi?" inamlazimisha kuhutubia.

## Dalili za kutazama baada ya hapo

Makofi yaweke pembeni, watu hupiga kwa adabu. Nenda kasimame karibu na meza ya kusaini, usikilize. Kama wanaouliza wanamtaja mhusika kwa jina, fundo limefika. Kama wanauliza "eti ulisoma chuo gani?", wasifu ulikushinda.

Mimi hutazama foleni. Kuna mtu huwa ameshalipa na anasubiri zamu yake ya kusainiwa, kakifungua kitabu ukurasa wa kwanza, na wa nyuma yake analazimika kumgusa bega kumwambia dada, sogea, zamu yako imefika.